Yah: Makabidhiano ya kazi za uhasibu, 1–28 Juni 2026

Habari za leo Baraka,

Kama tulivyokubaliana, naanza likizo Jumatatu tarehe 1 na nitaripoti kazini Jumatatu tarehe 29. Malipo yote ataendelea kuidhinisha Mama Mushi, ambaye nimemnakili hapa.

La kwanza na la haraka ni kodi za mishahara ya Mei. Mwisho wa PAYE na SDL ni tarehe 7, ambayo mwezi huu ni Jumapili, kwa hiyo usivuke Ijumaa tarehe 5. Ritani nimeshaziandaa, ziko kwenye folda ya "Mei 2026". Kilichobaki ni kuziwasilisha kwenye mfumo wa TRA, kutoa kontrol namba na kupeleka benki. Siku hiyohiyo maliza na kodi ya zuio ya pango, asilimia 10, maana mwenye nyumba tulimlipa Mei. NSSF na WCF zina nafasi hadi mwisho wa mwezi, ila ukizichelewesha zitakukuta kwenye VAT.

Makato ya Bodi ya Mikopo ni kabla ya tarehe 15. Kijana mpya wa stoo hayumo kwenye orodha yetu; muulize kama alisoma kwa mkopo. Ni asilimia 15 ya mshahara, asije akashtukizwa.

VAT ni tarehe 20, Jumamosi, kwa hiyo iwasilishe Ijumaa. Risiti za manunuzi ziko kwenye bahasha ya kaki, droo ya juu. Kagua kila moja kama ina TIN na VRN yetu. Isiyokuwa nazo usiiingize, mrudishie aliyeileta akabadilishiwe dukani. Zipige fotokopi mapema, kwani maandishi ya EFD hufifia na zile za Februari zimeshaanza kuwa nyeupe. Ripoti ya Z itolewe kila jioni kabla ya kufunga, hata siku ambayo hatujauza kitu.

Mzee Salum wa Kariakoo tunamdai 4,850,000/= na ameahidi kulipa kufikia tarehe 12. Asubuhi hapokei simu, mtafute baada ya alasiri. Ni mteja wetu wa siku nyingi, zungumza naye kwa heshima, lakini mzigo mpya asipewe kabla hajalipa angalau nusu.

Petikashi tuliyohesabu pamoja leo ni 300,000/=. Madereva watakuja na maneno mengi. Bila vocha iliyosainiwa hakuna hela, hata wakisema bosi kasema.

Nitakuwa Moshi. Likikukwama jambo niandikie WhatsApp, nitajibu jioni. Tarehe 13 na 14 tuna harusi ya mdogo wangu, siku hizo muulize Mama Mushi. Awamu ya pili ya kodi ya makadirio, ya tarehe 30, niachie. Nitaifanya mwenyewe nikirudi.

Asante sana kwa kunishikia.

Neema
Uhasibu

Nakala: Meneja Fedha