Kapsheni za duka: mwezi mzima

Mpwa wangu,

Kapsheni za mwezi ujao hizi hapa, nimeziandika zote mwanzo hadi mwisho. Kazi yako ni kupiga picha, kuzipandisha kwa wakati na kujibu watu. Ukiona neno limekaa vibaya, libadilishe, ila masharti ya ofa na mambo ya usalama wa chakula usiyaguse kabla hatujaongea.

Utaona ofa ni nne tu. Ni makusudi. Ukurasa unaopiga kelele za punguzo kila siku watu huuzoea wakaacha kuusoma, na kibaya zaidi hujifunza kusubiri bei ishuke ndipo wanunue. Kila ofa niliyoweka ina sababu inayoonekana: mshahara umetoka, matunda yameiva, tarehe inakaribia. Ofa isiyo na sababu mteja huishuku, na ana haki. Katikati nimeweka mambo yatakayomsaidia mtu jikoni hata kama mchele kanunua kwingine, pamoja na visa vitatu vya wateja. Wenyewe wote nimewaomba ruhusa. Majina hatutaji, sura hatuonyeshi, na daftari la madeni lisionekane kwenye picha yoyote, hata kwa mbali.

Mstari wa kwanza ndio mtu anaouona kabla ya kubonyeza aendelee kusoma, kwa hiyo usiniongezee "Habari zenu wateja wetu wapendwa" pale juu. Na stetasi ya WhatsApp hupotea baada ya saa 24. Ofa ya wiki nzima irudie kila asubuhi.

Jumatatu, tarehe 1 (ofa)

"Mchele, maharage na mafuta ya kupikia: chukua vyote vitatu kwa pamoja, tunakupunguzia asilimia 10 ya jumla. Mwisho ni Jumapili tarehe 7, saa mbili usiku tunapofunga. Hata ukichukua kilo moja moja, punguzo ni lako. Wenye familia kubwa, tuandikieni mapema tuwafungie mzigo, mkifika ni kubeba tu."

Picha iwe ya vitu vitatu juu ya kaunta, basi. Maua na maputo hatuuzi.

Jumatano, tarehe 3

"Wali uliobaki hauwi hatari kwa sababu ni wa jana. Huwa hatari kwa sababu umelala nje. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi hata mchele ukichemka. Wali ukikaa muda mrefu bila kupoozwa, mbegu hizo huchipuka, bakteria huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Mkishakula, tandaza uliobaki kwenye sahani pana upoe upesi, kisha uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili. Kesho upashe mara moja tu, uwe wa moto kote mpaka katikati. Huna friji? Pima mchele wa kuisha leo."

Jumamosi, tarehe 6 (kisa)

"'Nisomee hii bei mwanangu, macho yangu yamegoma.' Bibi mmoja, mteja wetu wa miaka mingi, alituambia hivyo huku akicheka. Tulimsomea. Halafu tukasimama pale alipokuwa amesimama yeye, tukatazama rafu. Hata sisi tulilazimika kukodoa macho! Sasa vibao vyote vya bei vimeandikwa upya kwa herufi kubwa na wino mweusi. Amekuja juzi akasoma mwenyewe, kisha akauliza mbona sukari imepanda. Bibi, hilo nalo tulijua utaliona."

Hapa piga picha ya vibao vipya. Watu watauliza habari ya sukari. Wajibu ukweli, kwamba bei ya jumla imepanda, usianze kujitetea kwa aya nzima.

Jumatatu, tarehe 8

"Maharage mekundu yasiyoiva vizuri huumiza tumbo, na si uvumi. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali. Yaloweke angalau saa tano, mwaga yale maji, weka mengine, kisha yaache yachemke kwa nguvu, mapovu yakipanda, kwa nusu saa. Baada ya hapo ndipo upunguze moto yaendelee kulainika. Kuyapika kwa moto mdogo tangu mwanzo ndiko kubaya: yanaweza kulainika na sumu ikabaki."

Mtu akiuliza kuhusu aina nyingine za maharage, mwambie afanye vivyo hivyo, hapotezi kitu.

Jumatano, tarehe 10 (ofa)

"Nusu bei leo kuanzia saa kumi jioni: ndizi na nyanya zilizoiva sana. Hazijaoza, zimeiva tu kupita zile ambazo watu hupenda kuchagua. Ndizi zenye madoa ndizo tamu zaidi, kwa kuwa wanga wake mwingi umeshageuka sukari. Nyanya ni za mchuzi, za kukata vipande vizuri hazifai tena. Zitumie leo au kesho. Zikiisha zimeisha."

Hii usiipandishe asubuhi. Ipande saa tisa na nusu, watu wakianza kuwaza chakula cha usiku. Na zikiisha andika palepale "Zimekwisha, asanteni", mtu asije akafunga safari ya bure.

Alhamisi, tarehe 11

"Ni kitu gani ulikuja kukitafuta dukani kwetu ukakikosa? Tuandikie hapa chini. Jumamosi tunakwenda kwa muuzaji wa jumla na orodha yenu mkononi."

Kila jibu liingie kwenye daftari, hata la mzaha. Kitu kikitajwa na watu watatu, tunakileta. Wakati mzigo ukifika, wajibu wale watatu mmoja mmoja. Hiyo haihitaji kapsheni.

Jumamosi, tarehe 13

"Yai likielea kwenye maji, si lazima liwe bovu. Ganda lina vitundu vidogo mno. Siku zikipita, unyevu hutoka, hewa huingia, na yai huwa jepesi. Kwa hiyo bakuli la maji linakuambia umri wa yai, halikuambii kama limeoza. Lipasulie kwenye kikombe peke yake kabla ya kulichanganya na mengine. Likinuka, tupa. Lisiponuka, lipike mpaka kiini kigande."

Wiki ya tatu haina ofa hata moja. Mifuko imeshakauka, na kumrushia mtu punguzo la kitu asichoweza kununua ni kumkera. Wiki hii tunamsaidia kubana matumizi, basi.

Jumatatu, tarehe 15

"Pakiti kubwa si nafuu siku zote. Hata dukani kwetu. Chukua bei, igawe kwa gramu zilizoandikwa kwenye pakiti. Fanya hivyo kwa pakiti kubwa na kwa ndogo. Jibu lililo dogo ndilo nafuu. Simu yako ina kikokotoo. Ukisahau, cha kwetu kiko kaunta, omba tu. Na ujiulize swali moja la mwisho: nitaimaliza kabla haijaharibika? Kilo mbili zinazoishia kwenye jalala zina bei kuliko kilo moja iliyoliwa."

Najua utasema tunajipiga wenyewe. Mimi naona kinyume. Mteja akigundua ujanja wa bei peke yake, anatuhesabu sisi katika wajanja. Tukimwonyesha sisi, anaacha kupiga hesabu kwetu na kwenda kuzipiga kwingine. Kabla ya kuipandisha, pita kwenye rafu na kikokotoo. Ukikuta bei ya gramu moja kwenye pakiti kubwa ya kitu chochote inazidi ya pakiti ndogo, niambie turekebishe bei kwanza.

Jumatano, tarehe 17 (kisa)

"Kijana mmoja alikuwa akingoja duka liwe tupu ndipo aingie. Tukaja kujua sababu: ameanza kuishi peke yake, ananunua kitunguu kimoja, mayai mawili, mafuta kidogo, na alidhani tunamwona msumbufu. Tunasema leo kwa sauti: hapa kitunguu kimoja ni manunuzi kamili. Mayai mawili pia. Hatuulizi 'tu?' baada ya kutaja unachotaka. Siku hizi anakuja hata foleni ikiwa ndefu, na ametufundisha kupanga viazi vidogo upande wao, vinavyotosha sahani ya mtu mmoja."

Hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Usiipambe.

Jumamosi, tarehe 20

"Viazi gizani, penye hewa, mbali na vitunguu. Mwanga hufanya viazi kuwa kijani, na penye kijani kuna sumu chungu inayoongezeka. Doa dogo la kijani likate kwa kina pamoja na chipukizi. Kikiwa kijani kote, au kichungu mdomoni, tupa."

Jumatatu, tarehe 22

"Tarehe kwenye pakiti haziko za aina moja. 'Itumike kabla ya' inahusu usalama: siku ikipita, usile, hata kama hakinuki. 'Bora kabla ya' inahusu ubora: baada ya siku hiyo biskuti huweza kupoteza ukavu wake au majani ya chai harufu yake, lakini kama pakiti haijafunguka na imetunzwa vizuri, mara nyingi bado kinalika. Soma maneno kwanza, tarehe baadaye. Kopo lililovimba halina mjadala, lisifunguliwe, litupwe."

Hii lazima itangulie ya tarehe 24. Ikipanda baadaye itaonekana kisingizio.

Jumatano, tarehe 24 (ofa)

"Kikapu chenye kibandiko chekundu, karibu na mlango: kila kilichomo kimepunguzwa asilimia 30. Sababu ni moja, 'bora kabla ya' yake iko chini ya wiki tatu. Tarehe tumeizungushia kalamu ili usihangaike kuitafuta. Tambi, biskuti, majani ya chai, maharage ya kopo. Bidhaa zenye 'itumike kabla ya' hatuziweki humo. Mpaka Jumapili."

Ijumaa, tarehe 26 (kisa)

"'Mmeniuzia sukari kwenye chupa ya asali!' Alirudi na chupa, asali imeganda chini, nyeupe. Tuliiweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, tukaendelea kupiga naye soga. Baadaye kidogo asali ikaanza kulegea. Asali halisi huganda, kwa sababu ina sukari nyingi ya asili kuliko maji yake yanavyoweza kuishikilia. Nyingine huganda upesi, nyingine huchukua miezi. Kuganda hakuthibitishi kwamba ni feki, na kutoganda hakuthibitishi kwamba ni halisi. Mteja wetu aliondoka na chupa yake, akasema tuwaambie na wengine. Tunaongeza moja: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulamba."

Jumatatu, tarehe 29 (ofa)

"Mchele, maharage, mafuta: asilimia 10 imerudi, kuanzia leo mpaka Jumapili tarehe 5. Safari hii ukitaka unga badala ya mchele, badilisha, punguzo ni lilelile."

Tarehe 30 usipandishe kitu. Tukifunga duka uniletee daftari la maswali ya wateja. Yale yaliyoulizwa zaidi ya mara moja ndiyo yatakuwa kapsheni za mwezi unaofuata, na zile nataka uanze kuziandika wewe.