Daftari la salamu za sikukuu

Makorora, Tanga

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum, au kama mnavyosema kwenu Njombe, kamwene.

Daftari la hisa na la mfuko wa jamii nilikukabidhi Jumapili mbele ya wanachama. Limebaki hili la salamu. Tuko 26, Waislamu 17 na Wakristo 9, na tangu kikundi kianze katibu ndiye anayetuma salamu za sikukuu kwa niaba ya wote. Nimekuandikia maneno yenyewe, na majibu yake, na pale nilipoteleza mimi ili wewe upite salama. Mtu akipata salamu iliyoandikwa kwa ajili yake hujibu. Akipata ile iliyotumwa kwa kila mtu, huifuta. Miaka yote hii nimeipima kazi yangu kwa majibu.

Tuanze na Idi el-Fitri, maana ndiyo yenye mengi.

Usitume chochote mpaka mwezi utangazwe. Mwaka wangu wa pili nilituma jioni ya tarehe 29 Ramadhani, nikiwa na hakika kwamba mwezi utaandama. Haukuandama. Watu wakaamka kula daku na ujumbe wangu wa Idi uko kwenye simu, na bibi yetu wa Ngamiani akanipigia alfajiri akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, leo tumefunga au tumefungua?" Nilitamani ardhi inimeze. Sasa huandika ujumbe mapema, nikauhifadhi, nikasubiri Mufti atangaze. Wapo pia wenzetu wawili wanaofuata mwezi wa Makka. Wao mara nyingine huswali Idi siku moja kabla yetu. Nimewawekea nyota kwenye orodha. Watumie siku yao, wala usiwaulize kwa nini.

Kwa wazee naandika hivi:

"Shikamoo mama. Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu azikubali saumu na dua zako, akupe afya uifikie Ramadhani nyingine. Ni mimi katibu, kwa niaba ya kikundi chote."

Jibu lake litakuja: "Marahaba mwanangu. Amin, nanyi pia, Mungu awalipe kheri." Usiishie hapo. Mwandikie: "Ahsante mama, tutakuja kukupa mkono." Huku Pwani ujumbe wa simu hautoshi kwa mzee, mkono wa Idi hutolewa kwa mkono. Na shikamoo itangulie. Ukianza na Idi Mubarak halafu shikamoo ukaitia mwishoni, ataona umemkumbuka baadaye.

Kwa wa rika letu:

"Idi Mubarak dada! Mwezi umekwisha salama, Mola atupokelee. Tunakuja kula vileja, usituambie vimekwisha."

Atakujibu: "Khairi mubarak. Karibuni, hata kaimati zipo."

Wengine watakuandikia kwa Kiarabu: "Takabbala Llahu minna waminkum," yaani Mungu atukubalie sisi na ninyi. Wewe ni Mkristo, usihangaike kuyarudisha usiyoyajua. Jibu, "Amina, na kwenu pia. Sikukuu njema." Hakuna atakayekulaumu. Kosa ni kunyamaza, au kujibu "poa". Na jibu la neno moja tu, "asante", huku kwetu ni kama kupokea sahani ya pilau ukafunga mlango. Aliyekuombea kheri, nawe muombee: "Ahsante, nawe pia." Wakiwa wengi, "nanyi pia".

Watoto watakuja mlangoni na nguo mpya, wanene maneno yao kwa pamoja: "Tunaomba sikukuu yetu!" Weka sarafu za mia mbili na mia tano kwenye bakuli tangu usiku. Usiwaambie rudini baadaye. Wape, useme, "Haya, sikukuu njema, wasalimieni nyumbani." Hiyo salamu ya nyumbani inafika, amini.

Sasa jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Mwenzetu mmoja alifiwa na mumewe mwezi wa Shaabani. Idi ilipoingia alikuwa ndani ya eda, ile miezi minne na siku kumi. Mimi nikamtumia ujumbe uleule wa wote, "Idi njema yenye furaha tele, pendezeni, tembeleaneni." Hakujibu. Nilipokwenda nikamkuta ameketi chumbani na kanga yake nyeupe, simu iko juu ya mto. Akaniambia, "Dada, nimeusoma mara tatu nikifikiri umekosea namba." Siku hiyo nilikata ukurasa wa nyuma wa daftari hili nikaandika kichwa, WALIOFIWA MWAKA HUU. Uuangalie kila sikukuu, ya Kiislamu na ya Kikristo, kabla hujatuma hata neno moja. Kwao andika:

"Assalaam alaykum dada. Tunakukumbuka siku ya leo. Mungu amrehemu marehemu na akupe subira. Tunakuja kukaa nawe jioni, usipike."

Kama aliyefiwa ni Mkristo, ni "Mungu ampumzishe kwa amani na akutie nguvu." Neno "furaha" liache. Atalitumia mwenyewe akiwa tayari.

Idi el-Haji ni nyingine, ingawa wengi huchukua ujumbe wa Fitri wakautuma tena. Utaona mtu anamwandikia mwenzake, "Mungu azikubali funga zako za mwezi mtukufu," na Ramadhani imepita zaidi ya miezi miwili. Hii ni Idi ya kuchinja, nayo huja siku moja baada ya mahujaji kusimama Arafa. Andika:

"Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu azikubali ibada na sadaka zetu, na awarudishe salama mahujaji wetu."

Mwenye mtu Makka mtaje mtu wake: "na amrudishe salama baba." Atakujibu kwa kirefu, utaona.

Krismasi. Hapa wewe unajua kuliko mimi, lakini orodha yetu ina Wakatoliki, Walutheri wa Lushoto na Waanglikana wa Muheza, na salamu zao si moja. Mkatoliki akikuanza "Tumsifu Yesu Kristo," hajibiwi "Amen" ukaridhika, jibu ni "Milele na milele, amina." Mlutheri atasema "Bwana Yesu asifiwe," naye hujibiwa "Amina." Wakatoliki wengi hupenda neno Noeli:

"Heri ya Noeli kwako na nyumba yako. Amani ya mtoto aliyezaliwa Bethlehemu ikae kwenu. Kikundi chako kinakusalimu."

Kwa wengine: "Krismasi njema, mama. Mungu awabariki wewe, baba na watoto, na safari ya Lushoto iwe salama." Jibu la kawaida: "Amina, nanyi pia, karibuni tule pamoja." Ukikaribishwa, nenda, au mtume mtoto na kitu mkononi. Sahani ikirudi, isirudi tupu.

Wapo wanachama Waislamu wasiopenda kuandika maneno ya kuzaliwa kwa Yesu, na ni haki yao. Wao huandika "Sikukuu njema, jirani," na salamu hiyo imetimia. Usiwasahihishe. Pia tuna dada mmoja Shahidi wa Yehova. Yeye hasherehekei Krismasi, usimtumie kwa mazoea. Msalimie siku nyingine yoyote, habari za siku nyingi.

Mwaka 2000 Krismasi ilitukuta ndani ya Ramadhani, Idi ikaja siku chache tu baada yake. Jirani yetu Mkristo alipika pilau mchana, akaliacha sufuriani juu ya makaa hafifu, na adhana ya Magharibi ilipomalizika tu akagonga mlango, sinia kichwani, kawa juu yake. Hakusema Krismasi njema. Alisema, "Futurini, hii ni ya leo." Mama akajibu, "Mungu akuzidishie, sikukuu njema mwanangu." Kalenda ya Hijria hupungua siku kama 11 kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo zitakutana tena, nawe utahitaji maneno mawili kwa siku moja.

Mwaka Mpya ni mfupi. Tuma asubuhi ya tarehe 1, si usiku, maana Walokole na Wakatoliki wako kwenye mkesha na wengine wamelala.

"Heri ya Mwaka Mpya. Tunamshukuru Mungu kwa kutuvusha, na tunakushukuru wewe kwa mwaka mzima wa kuja vikaoni. Mwaka uwe mwema kwako."

Jibu: "Na kwako pia, katibu. Mungu atujaalie kheri." Mwaka ni "mwema", usiandike "mwaka mpya njema". Idi, Krismasi na sikukuu ndizo "njema". Ni "heri ya", si "heri za". Na "Uwe na Krismasi njema" linasikika kama agizo. Sema tu "Krismasi njema". "Kila la heri" mpe anayesafiri au anayefanya mtihani. Ukitumia ujumbe wa mwaka jana, kwanza angalia tarakimu za mwaka. Niliwahi kuwatakia watu mwaka uliokwisha.

Kheri au heri, Idd au Idi, yote watu wanaelewa. Chagua moja usichanganye ndani ya ujumbe mmoja.

Wenye vitochi ni tisa. Ujumbe wao usizidi herufi 160, na usitie emoji hata moja, kwani ukitia nafasi hushuka hadi 70 na ujumbe hukatwa vipande unavyolipia kila kimoja. Mapicha ya maua na miezi inayong'aa yanamaliza bando za watu. Na ule ujumbe mzuri uliotumiwa na mtu, wenye jina la duka chini, usiupitishe.

La mwisho, na hili nalishikilia kwa nguvu: salamu isibebe deni. Nilishaona kwenye kikundi kingine, "Idi Mubarak, usisahau rejesho la Ijumaa." Yule mama alilia. Rejesho lidaiwe siku yake, kwa ujumbe wake.

Bibi yetu wa Mwanzange hasomi. Ujumbe wake husomwa kwa sauti na mjukuu wa darasa la tatu, kwa hiyo mwandikie maneno mafupi ambayo mtoto atayatamka bila kukwama. Ukisikia simu inaita dakika tano baadaye, pokea. Yeye hajibu kwa maandishi.

Dada yako,
katibu aliyekutangulia