Ombi la Wakazi wa Ilazo la Kutengewa Eneo Lenye Uzio kwa Ajili ya Mazoezi ya Mbwa

Wakazi wa Ilazo,
DODOMA.

12 Januari 2026

Mkurugenzi wa Jiji,
Halmashauri ya Jiji la Dodoma,
DODOMA.

Kupitia kwa Mtendaji wa Mtaa na Mtendaji wa Kata.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUTENGEWA ENEO SALAMA LENYE UZIO KWA AJILI YA MAZOEZI YA MBWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wakazi 73 wa Ilazo, ambao majina na sahihi zetu zimo kwenye orodha iliyoambatanishwa na barua hii. Kati yetu, 41 tunafuga mbwa. Wengine 32 hawafugi, na baadhi yao hawapendi kabisa kuwaona mbwa karibu, lakini wamesaini kwa sababu wamechoka kukutana nao barabarani alfajiri. Tunaomba Halmashauri itutengee sehemu ndogo ya eneo la wazi, iwekwe uzio, ili mbwa wetu wapate mahali pa kukimbia bila kumsumbua mtu.

Huenda ombi hili likaonekana geni, au likadhaniwa kuwa la watu wenye nafasi wanaotaka kuiga mambo ya nje. Tunaomba litazamwe kwa hali halisi ya mji wetu ulivyo sasa. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma, na hasa baada ya mji kupandishwa hadhi kuwa Jiji mwezi Aprili 2018, viwanja vilivyokuwa mapori ya michongoma vimejengwa nyumba, na karibu kila nyumba imezungushiwa ukuta wenye geti. Nyuma ya geti hilo mara nyingi yupo mbwa, kwa kuwa mfanyakazi anayeondoka saa moja asubuhi kwenda Mtumba na kurudi jioni anahitaji mlinzi. Mbwa huyo hushinda bandani au kwenye mnyororo mchana kutwa, kisha hufunguliwa usiku katika ua ambao, ukiondoa nyumba, tangi la maji na gari, unabaki hatua kumi na tano kwa nane. Zamani alitoka akazunguka porini na kurudi mwenyewe. Sasa pori hilo ni kiwanja cha mtu, na akitoka anaingia barabarani.

Mbwa asiyekimbia hatulii. Hubweka usiku kwa kila kivuli, huchimba chini ya geti, huzunguka banda mpaka anajichubua, na siku geti likiachwa wazi hutoka kama maji yaliyovunja kingo. Hali hiyo mara nyingi hutafsiriwa kuwa ukali, na wapo wanaoamini kwamba kumfungia mbwa ndiko kunakomfanya awe mlinzi bora. Uzoefu wetu ni tofauti: mbwa aliyezoea watu na aliyetumia nguvu zake asubuhi hutofautisha mgeni anayebisha hodi na mtu anayeruka ukuta. Aliyefungiwa tangu utotoni humrukia yeyote, hata mtoto wa nyumbani mwake. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayefuga mnyama amtunze ipasavyo, nasi tungependa kuitii sheria hiyo kwa vitendo kuliko tunavyoweza sasa.

Kwa sababu hatuna mahali pengine, wengi wetu huwatembeza mbwa kwenye barabara za mtaa kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wakati huohuo wanafunzi wanaelekea shuleni, watu wanafanya mazoezi, na bodaboda wanapeleka bidhaa sokoni. Jumamosi moja mwezi Novemba mwaka jana, mbwa wa mmoja wetu, ambaye ndiye anayeandika barua hii, alikatika kifungo cha mkanda wa shingoni baada ya kumwona paka. Ni jike la miaka mitatu, mchanganyiko wa kienyeji na jemani, na halijawahi kumuuma mtu. Lilivuka barabara kwa mruko mmoja. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amefunga trei nne za mayai nyuma ya pikipiki alishika breki juu ya changarawe, akalala na chombo chake. Alichunika kiwiko na goti. Mayai 120 yalipasuka, ute ukachuruzika juu ya tairi, na yule mbwa aliyesababisha yote akarudi mwenyewe akaanza kuyalamba. Tulimpeleka kijana kituo cha afya na kumlipa mayai yake pamoja na taa iliyovunjika. Kosa lilikuwa letu na tunalikiri. Lakini kama nyuma yake lingekuwa lori la mchanga, yanayopita hapo kila asubuhi, leo tungekuwa tunaandika barua ya aina nyingine.

Lipo pia jambo ambalo halizungumzwi sana hadharani, ingawa kila mmoja mtaani analijua. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Mzee aliyekwishatia udhu, amevaa kanzu yake na anaelekea msikitini kwa swala ya alfajiri, akinuswa na mbwa mwenye pua mbichi, inamlazimu arudi nyumbani. Ametendewa ubaya huo na jirani yake bila kukusudia, na hata tukimwomba radhi, kesho yake tutapishana naye tena kwenye njia ileile nyembamba. Wazee wawili wa msikiti wamesaini ombi hili, na sharti lao moja ni kwamba eneo litakalochaguliwa lisiwe kwenye njia ya waumini. Tumelikubali.

Eneo tunalopendekeza ni kipande cha eneo la wazi kilicho upande wa juu wa korongo, mwisho wa barabara ya changarawe, mahali ambapo kwa sasa watu wanamwaga kifusi. Hatuombi kiwanja cha mpira cha vijana kilicho jirani na wala tusingependa kiguswe. Tulipima kwa futi kamba na kuona kwamba mita 60 kwa mita 40 zinatosha, yaani mita za mraba 2,400, ambazo ni zaidi kidogo ya nusu ekari. Mzunguko wake ni mita 200. Tukiongeza uzio wa kati wa mita 40, unaotenganisha mbwa wakubwa na wadogo, jumla ni mita 240 za wavu wa chuma na nguzo zipatazo 80 zikisimamishwa kila baada ya mita tatu. Uzio ukae mbali na ukingo wa korongo, kwa kuwa wataalamu wenu wanajua kuliko sisi jinsi maji ya Januari na Februari yanavyokula udongo wa huku.

Kuhusu ujenzi, yapo mambo mawili ambayo, yasipofanyika vizuri, fedha ya uzio itakuwa imetupwa. La kwanza ni lango. Lango moja halifai, kwa sababu mlango ukifunguliwa kumwingiza mbwa mmoja, watatu waliomo ndani watapenya miguuni mwa mtu. Panahitajika milango miwili yenye kizimba kidogo katikati: unaingia wa kwanza, unaufunga, unamfungua mbwa mnyororo, ndipo unafungua wa pili. La pili ni sehemu ya chini ya wavu. Mbwa huchimba, na udongo wetu wa kichanga haumchukui dakika tano, hivyo wavu uzikwe angalau sentimita 30 ardhini au ufungwe kwenye msingi wa zege. Urefu wa mita 1.8 kwenda juu unatosha kwa mbwa wengi tulionao.

Mengine ni madogo: bomba moja la maji, mapipa mawili ya kinyesi na miti ya kivuli, ambayo mwarobaini utafaa kwa sababu unastahimili ukame wetu. Ardhi ilimwe na kusafishwa mbigili kabla ya kufunguliwa. Anayefuga mbwa Dodoma anajua maana ya kukaa kibarazani na kibano, mbwa amelazwa ubavu, unamchomoa mbigili moja baada ya nyingine katikati ya vidole.

Kwa upande wetu, tunaahidi kugharamia ufundi wa kusimamisha nguzo na kufunga wavu, kupanda na kumwagilia miti, kulipia maji yatakayotumika, na kufanya usafi kwa zamu kila siku. Tunachoiomba Halmashauri ni ardhi, vifaa vya uzio na usimamizi wa kitaalamu. Eneo lifunguliwe saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, ili kelele zisiwasumbue majirani usiku. Kila mbwa aingie akiwa kwenye mnyororo, akiongozwa na mtu mzima. Majike yaliyo kwenye joto yasiingizwe, na mbwa aliyewahi kuuma mtu asiingie bila kufungwa mdomo.

Sharti tunaloliona kuwa kubwa kuliko yote ni kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo muda wake haujapita. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu huwa karibu hakina tiba, na Shirika la Afya Duniani linashauri angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo wachanjwe ili maambukizi yakatike. Tatizo la wataalamu wa mifugo siku za chanjo ni kuwapata mbwa walio nyuma ya mageti ambayo wenyewe wako kazini. Eneo hili litawapa mahali pamoja ambapo mbwa wanakuja wenyewe, wamefungwa na wanajulikana, kwa hiyo tunapendekeza Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi ilitumie kama kituo cha chanjo kila mwaka, kuanzia Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba mwaka huu, endapo ujenzi utakuwa umekamilika. Siku hiyo lango liwe wazi hata kwa mbwa ambao hawajawahi kuchanjwa.

Tunafahamu kwamba mtaa una mahitaji mengine, yakiwemo mitaro na taa za barabarani, na hatuombi hata kimojawapo kisogezwe nyuma kwa ajili yetu. Tunafahamu vilevile kwamba uzio huu hautamaliza tatizo la mbwa wazururaji wasio na wenyewe, ambalo linahitaji mpango wake.

Kwa kuwa maandalizi ya bajeti ya mwaka wa fedha 2026/27 yanaendelea, tunaomba ombi hili lifikishwe kwenye kamati husika ya Baraza la Madiwani kabla bajeti haijapitishwa, na tunaomba ututumie afisa mipango miji pamoja na daktari wa mifugo walikague eneo. Wawakilishi wetu watano watakuwa tayari kuwapokea siku yoyote, ila tungeshauri waje saa kumi na mbili asubuhi, wasimame kwenye kona ya barabara ya changarawe kwa nusu saa na kuona wanaopita.

Wako katika ujenzi wa Jiji,

(Sahihi)
Mwandishi wa ombi,
kwa niaba ya wakazi 73 wa Ilazo.

Viambatanisho: Orodha ya majina na sahihi, mchoro wa eneo wenye vipimo, nakala 38 za kadi za chanjo (mbwa watatu bado ni wadogo, hawajafikisha umri wa kuchanjwa).

Nakala: Mheshimiwa Diwani wa Kata;
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa;
Divisheni ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, Halmashauri ya Jiji la Dodoma.