Kunasa hoja mbovu: mwongozo wa fasta kabla ya testi

Wana, testi ya fikra tunduizi ni Ijumaa na naona watu wanakariri majina ya makosa tu, af wakipewa hoja yenyewe wanatoa macho. Majina sawa, Aristoteli mwenyewe aliorodhesha makosa 13 zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, ila kazi yako hasa ni hii: hitimisho ni lipi, sababu ni ipi, na je hiyo sababu inatosha kulibeba hilo hitimisho? Basi.

Tuanze na linaloangusha wengi, maana linafanana sana na hoja nzima:

"Mvua kubwa ikinyesha mjini, Jangwani panajaa maji. Leo Jangwani pamejaa maji. Kwa hiyo mvua kubwa imenyesha mjini."

Inaonekana iko poa eeh? Sasa Mto Msimbazi unaanzia huko juu vilima vya Pugu na Kisarawe, mvua inaweza ikapiga huko usiku kucha Posta kukavu kabisa, maji yakashuka yakajaa Jangwani na daladala zikaanza kuzunguka njia nyingine. Yaani "A ikitokea, B inatokea" haikupi ruhusa ya kuiona B ukasema A ilitokea, B inaweza kuwa na chanzo kingine. Na hata ikija kujulikana mjini kweli ilinyesha, hoja bado mbovu, umepatia kwa bahati. Hapa watu wanapoteza maksi kila mwaka: wakilikubali hitimisho wanaipitisha na hoja.

Kumshambulia mtu. Kwenye diskasheni Neema kasema wastani tulioupata umekosewa, jamaa anamjibu "wewe mwenye sapu mbili utatufundisha takwimu?" Sapu za Neema hazibadilishi ile hesabu, irudieni muone.

Kumtungia mtu hoja. Unasema daladala zishushe kituoni tu, unajibiwa "kwa hiyo unataka wazee watembee toka Ubungo mpaka Mwenge?" Nani kasema? Hili Simba na Yanga ndo makao yake makuu, ukisema kipa kakosea goli moja tayari umeitwa msaliti.

Kilichotangulia ndo chanzo. "Nilivaa jezi ileile, tukashinda." Sina la kuongeza.

Mbili tu. "Usipopata ajira serikalini utaishia bodaboda." Hapo katikati pana kazi kibao zimefichwa ili uogope.

Kuhesabu waliofanikiwa tu. "Bill Gates aliacha Harvard na katajirika, chuo hakina maana." Hili linanikera kuliko yote maana linavuma kila bumu likichelewa. Walioacha chuo wakakwama hakuna anayewaalika kwenye semina wakaongee, kwa hiyo unachoona ni waliochujwa, na kumbuka huyo Gates aliacha akiwa tayari na kampuni ya kuiendesha, siyo aliacha kwanza af akaanza kutafuta cha kufanya.

Kuzunguka palepale. "Huyu mhadhiri ni bora kwa sababu hakuna anayemzidi." Sababu na hitimisho ni kitu kimoja kimebadilisha shati.

Sasa zoezi. Ziba majibu kwanza, andika sentensi moja moja. Moja kati ya hizi haina kosa.

1. "Darasa zima wanasema swali la nne halitoki, basi halitoki."

2. "Dalali anasema chumba hakiingii maji, lakini yeye analipwa kodi ya mwezi mmoja nikikichukua, ngoja niwaulize majirani kwanza."

3. "Anayesoma sana anafaulu. Juma kafaulu, kwa hiyo alisoma sana."

4. "Tukimruhusu mmoja achelewe kukusanya kazi, wiki ijayo darasa zima litachelewa, mwisho wa mwaka chuo hakina nidhamu tena."

Majibu:

1. Wingi wa watu. Uliza nani kawaambia, mara nyingi utakuta wote wamesikia kwa mtu mmoja.

2. Hii ndo nzima, na wengi mtaandika "kumshambulia mtu". Dalali anataka tumwamini kwa maneno yake tu, hapo maslahi yake yanahusika. Halafu huyu mpangaji hajasema chumba kinaingia maji, kasema anaenda kuuliza. Angesema "dalali ni muongo, kwa hiyo kinaingia maji", hapo angekosea.

3. Ni ileile ya Jangwani. Juma pengine kabahatisha, pengine kadesa.

4. Mteremko. Siyo kila mteremko ni kosa ila kila hatua idai sababu yake, na hapa hakuna hata moja iliyoelezwa.

Ambaye namba 2 bado inamsumbua aje Alhamisi saa kumi pale vimbwetani, na aje na hoja yake mwenyewe aliyoisikia kwenye daladala, siyo ya kwenye noti.