Kutoka Lamu: lipu ya chokaa, na ombi la kufahamiana

Assalamu alaykum Bi Rukia, na shikamoo.

Jina langu ni Athumani, fundi ujenzi wa Lamu, mtaa wa Langoni. Hatujuani. Wiki iliyopita nilikutumia ombi kwenye LinkedIn likiwa tupu, bila jina la kazi yangu wala salamu, kama mtu aliyeingia uani bila kupiga hodi. Nimeliondoa. Leo napiga hodi, na anwani hii nimeitoa mwishoni mwa mhadhara wako wa ukarabati wa nyumba za Mji Mkongwe, pale ulipowaambia mafundi wenye maswali wakuandikie.

Mhadhara huo niliutazama kwenye simu mara mbili. Mara ya pili nilirudia sehemu moja tu: uliposema kuwa ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa maji na kuyatoa, na kwamba ukiupaka saruji, maji na chumvi hubaki ndani vikiula polepole. Nilinyamaza, Bi Rukia, kwa sababu ukuta wa namna hiyo niliupaka mimi mwenyewe. Ni wa nyumba ya shangazi yangu huku Mkomani, chumba cha nyuma chenye zidaka. Nilitia lipu ya saruji, ikatoka laini kama kioo, shangazi akanipikia biriani. Masika mawili baadaye ilianza kuvimba, kisha ikabanduka vipande vikubwa vikubwa na kung'oa uso wa mawe. Shangazi hajanilaumu, na ndilo linaloniuma.

Tangu hapo nimerudi kwenye chokaa. Mzee mmoja hapa mtaani, aliyejifunza kazi kwa babu yake, ananifundisha kuilowesha na kuiacha ilale kabla ya kuichanganya na mchanga. Nimeshapaka kuta mbili ndogo. Ya kwanza ilipasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Ya pili niliipaka tabaka jembamba, nikaifunika magunia mabichi, ikatulia.

Ombi langu ni kwamba uniruhusu niwe miongoni mwa watu unaofahamiana nao kikazi: nikutumie tena ombi la LinkedIn, safari hii ukijua ni nani, niwe nafuatilia unayoyaandika kuhusu kazi zenu. Sitafuti ajira wala sikuombi unipendekeze popote. Huku Lamu mafundi wanaoshika chokaa hatuko wengi, na ningependa kumjua mtu ambaye kazi hii kwake ni elimu na ni mikono pia.

Nina pia swali moja, ukipenda kulijibu. Wakati wa kaskazi upepo hapa hukausha lipu kabla haijashika. Ninyi huko Unguja mnaifunika na kuinyunyizia maji kwa siku ngapi kabla ya kuiacha? Mzee wangu anasema "mpaka ikwambie yenyewe." Namwamini, ila mimi bado haijaanza kuniambia. Jibu la mstari mmoja linanitosha kabisa, hata la sauti ukiwa njiani.

Kwa upande wangu, ukija Lamu au ukiwa na mwanafunzi anayetaka kuona nyumba za zamani kwa ndani, niambie tu. Zile ambazo wenyewe ni jamaa zangu naweza kuwaombea ruhusa, na nitawaonyesha ile ya shangazi pia, kuta zote mbili, ule ulioharibika na ule nitakaoanza kuutengeneza baada ya Idi. Nimeambatisha picha tatu, nimezipunguza uzito zisikumalizie bando: ukuta uliobanduka, ule wa nyufa, na ule uliotulia. Huna haja ya kuzitolea maoni.

Najua una kazi nyingi, na huenda barua za namna hii zinakujia kila siku. Usipopata nafasi ya kujibu nitaelewa, wala sitakusumbua kwa ujumbe wa kukumbushia. Mhadhara wenyewe umeshanifaa.

Msalimie fundi yule mzee aliyekuwa akikoroga chokaa nyuma yako kwenye video. Hakusema neno hata moja, lakini nilivyomwona anavyogeuza mwiko nimejifunza kitu.

Wako katika kazi,
Athumani
Fundi ujenzi, Langoni, Lamu