Nusu dakika kabla ya kuondoka: kwa ndugu zetu wa bodaboda, Chake Chake

Assalamu alaykum ndugu zetu,

Sisi ni vijana tisa wa kujitolea, wengi wetu wa Machomane na Wawi. Hakuna askari kati yetu wala mwenye kitabu cha faini. Wanne tunaendesha wenyewe, waliobaki ni abiria wenu wa kila siku. Mwezi uliopita mlitukaribisha kwenye vijiwe vitatu, tukakaa, tukasikiliza. Mengi ya humu ni maneno yenu wenyewe, tunayarudisha yakiwa yamepangwa kidogo.

Tulikuja na habari ya kofia, nyinyi mkatupeleka kwenye buibui, na mlikuwa na haki.

Mimi ninayeandika nina dada yangu aliyewahi kupanda kurudi nyumbani jioni, amekaa upande kama wanavyokaa mama zetu wengi, mkoba wa samaki mkononi. Karibu na kona upindo wa buibui ukaingia kwenye cheni. Dereva hakuwa na kasi, na ndiyo salama yetu. Dada alianguka akachubuka kiwiko, na buibui lilipasuka mpaka magotini. Kijana wa watu alivua shati lake akampa ajisitiri. Hatukumlaumu siku ile na hatumlaumu leo. Hakuna aliyewahi kumwambia, na yeye aliona haya kumwambia mwanamke habari ya nguo yake.

Haya hiyo ndiyo shida yenyewe, na dereva mmoja wa miaka mingi alitufundisha anavyoimaliza. Akishasimama kwa abiria hamtazami nguoni. Anatazama mbele na kusema, "Bi mkubwa, samahani, kusanya upindo uukalie, cheni iko upande huu." Basi. Anangoja asikie "tayari", ndipo aondoke. Anasema tangu aanze hivyo hakuna aliyekasirika, na wapo wanaomngojea yeye tu kijiweni hata kama wengine wapo.

Kwa nini aseme "upande huu"? Kwenye pikipiki nyingi tunazotumia cheni iko kushoto, na abiria anayekaa upande huteremsha miguu kushoto hukohuko. Kulia kuna bomba la moshi, nalo huunguza miguu. Kwa hiyo nguo ndefu, mtandio unaoning'inia, mshipi wa mkoba, vyote vinakwenda penye cheni na njiti za gurudumu. Kama bati la kufunika cheni limeng'olewa, lirudisheni. Pia fundi wa kuchomelea anaweza kuwatengenezea wavu mdogo wa vyuma vyembamba ubavuni mwa gurudumu la nyuma, pamoja na kikanyagio kipana cha abiria anayekaa upande. Pikipiki yenye kikanyagio hicho abiria hukaa ametulia, hakuvuti huku na huku kwenye kona.

Na ikitokea nguo imeshikwa: usiongeze moto hata kidogo. Kamata klachi, simama taratibu, zima injini, mwache abiria ashikwe na mtu asianguke. Kisha rudisha gurudumu nyuma kwa mkono. Ikikataa, kata kitambaa kwa kisu. Buibui lina bei, lakini linanunulika.

Sasa kofia. Tunajua mnavyosema: abiria hataki kuvaa iliyotoka kichwa cha mwenzake, na aliyejifunga mtandio anaona itamharibia. Ni kweli. Kijiwe kimoja wameshona vitambaa vyepesi vya pamba vya kuvaa ndani. Abiria anapewa kisafi, kilichotumika kinaingia kwenye mfuko, na jioni vinafuliwa. Mtandio usio na mafundo makubwa wala pini kisogoni unakaa vizuri chini ya kofia. Utafiti uliokusanywa nchi mbalimbali unaonyesha kofia hupunguza majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 70, na vifo kwa karibu asilimia 40, ila hiyo ni kofia iliyofungwa mkanda. Isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Mkanda uwe unapitisha vidole viwili kidevuni, si ngumi. Na kofia iliyokwisha kupiga lami kwa nguvu, hata kama haina ufa unaoonekana, kazi yake imekwisha.

Msimu wa karafuu mnaujua kuliko sisi. Majamvi yanatandikwa pembeni mwa barabara, watoto wanageuza karafuu na migongo yao imeelekea lami, na makonyo yaliyomwagika huteleza kama kokoto. Penye jamvi tukichukulia kwamba mtoto atarudi nyuma hatua moja bila kugeuka, tutapita kwa mwendo unaofaa. Magunia nayo: gunia lililofungwa nyuma sana hulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi, na kupanda mlima usukani haukusikii. Lisogezeni karibu na mgongo.

Mvua. Dakika za mwanzo baada ya jua la siku nyingi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu vumbi na mafuta vinachanganyika na maji kabla hayajaoshwa. Wanaosubiri kidogo barazani hawaogopi mvua, wanajua hesabu. Punguzeni mwendo kabla ya kuingia kwenye kona, si ndani yake. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha. Wengi tulifundishwa kuiogopa kwa sababu kuna aliyeikamata ghafla akaruka. Ikaminywe polepole pamoja na ya nyuma, pikipiki ikiwa imesimama wima. Fanyeni mazoezi mahali peupe bila abiria.

Abiria wa boti ni mtihani mwingine. Anatoka nyumbani amechelewa, halafu uchelewaji ule anakuachia wewe: "Niwahishe Mkoani!" Mwambieni hesabu hii. Kila kilomita 10, kwa mwendo wa 60 ni dakika 10. Kwa mwendo wa 80 ni dakika saba na nusu. Mnaokoa dakika mbili na nusu, na hapo ni kama hakuna kona hata moja, jambo ambalo Pemba halipo. Lakini umbali wa kusimama kwa breki kwenye 80 unakaribia kuwa mara mbili ya ule wa 60. Dereva mmoja huwajibu abiria wake, "Nitakufikisha, kukuwahisha ni kazi ya saa yako." Wanacheka, na anaendelea na mwendo wake.

Usiku tuna machache: safisheni kioo cha taa, maana vumbi la njia za ndani hula mwanga, na kumbukeni kuwa ng'ombe na mwenye buibui jeusi hawaonekani mpaka mko karibu.

Mkikuta mwenzetu ameanguka, msimvue kofia wala msimpakie katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Zuieni magari pande zote mbili, pigeni 112, tafuteni gari anayoweza kulala. Kila kijiwe kiwe na namba ya mwenye gari moja au mawili wa karibu. Iandikwe ukutani, simu huzimika.

Jumamosi hii baada ya sala ya alasiri tutakuwa nje ya Uwanja wa Gombani. Fundi mmoja wa kujitolea atatazama breki, cheni na taa bila malipo. Vipuri kila mtu na vyake. Tutakuwa na wavu wa mfano mliouliza, na vitambaa vya kofia vya kuanzia, vitano kwa kila kijiwe. Chai na maandazi vipo. Mwenye abiria wa kupeleka akamalize kwanza, tutakuwepo mpaka karibu na magharibi, na fungu la kijiwe chake tutamwekea.