Uchambuzi wa Kisa: Utoro wa Msichana wa Darasa la Sita

Daftari la mahudhurio linaonyesha amekosa siku 14 kati ya 40. 12 kati ya hizo ni Jumatatu au Ijumaa. Ijumaa mama huenda kibaruani, na msichana hubaki nyumbani kulea mdogo wake. Jumatatu je? Ndiyo siku ya jaribio la hesabu: alama husomwa hadharani, na anayefeli husimamishwa mbele ya wenzake. Hapo lawama ni yetu walimu. Hulalamika tumbo pia: huenda ni hofu, lakini apimwe kwanza, na mwalimu wa kike amuulize kwa upole kuhusu hedhi. Viboko vitamfukuza kabisa. Mwalimu wa darasa azungumze naye faraghani, amtembelee mama bila kumshutumu, na alama zisisomwe tena hadharani. Baada ya wiki 4 tuhesabu upya.